Muhula mzima gari la shule halijatuacha

Juzi watoto wamefunga shule nikakaa nikahesabu, muhula mzima gari halijatuacha hata siku moja. Mwaka jana nilishakimbia na kanga hadi barabarani, kiatu cha mtoto mkononi, gari likaondoka tunaliona. Kesho yake dada wa kwenye gari akanambia mbele za watu, "mama wewe kila siku wewe tu." Hiyo kauli mpaka leo ninayo moyoni.

Gari kwetu linapita saa 12 kasoro dakika 10. Mwanzo nilidhani dawa ni kuwaamsha mapema zaidi, nikatoka saa 11 nikarudi saa 10 na nusu alfajiri, watoto wakawa wanasinzia mezani na bado tunachelewa. Siku moja ndo nikaangalia vizuri nini kinatukwamisha: soksi moja haionekani, LUKU imeisha na shati halijapigwa pasi, halafu yule wa darasa la tano tuko mlangoni kabisa ndo anasema "mama tumeambiwa twende na ufagio." Hapo hakuna hata kimoja cha asubuhi jamani, vyote ni vya jana yake.

Sa hivi mashati ya wiki nzima napiga pasi Jumapili, umeme ukikatika katikati ya wiki haunihusu. Kabla ya chakula cha usiku nauliza kila mtoto, kesho mmeambiwa mwende na nini? Hela ya mtihani, rim, daftari la kusaini, vyote vinaisha hapo hapo, begi linafungwa na kuwekwa mlangoni na viatu vimeshapakwa kiwi, soksi ndani ya viatu.

Uji nao ulikuwa unatuchelewesha sana, sio kuupika, kuupoza. Usiku nachemsha maji naweka kwenye chupa ya chai, saa 11 nikiyarudisha jikoni yanachemka haraka, nakoroga unga kwa maji ya baridi namimina, naacha uive vizuri, halafu naumimina kwenye mabakuli mapana KABLA sijaamsha mtu. Wakitoka kuoga unanyweka, na viazi vitamu nilivyochemsha jioni pembeni. Wa chekechea ndo anaanza kuoga maana yeye anakula taratibu, mkubwa wa mwisho. Na wote wanakula na nguo za nyumbani, shati jeupe linavaliwa baada ya uji, hili nililijua baada ya kubadilisha mashati mawili asubuhi moja.

Kwa hiyo mama mwenzangu unayemchapa mtoto alfajiri kisa soksi mbichi, ulizifua saa ngapi? Mvua hizi ukifua saa 2 usiku hazikauki. Mtoto akirudi tu jioni azivue zifuliwe muda huo huo, na awe na pea tatu.