Ukipesti maandishi ya PDF kwenye imeili, shughulika na enta kwanza, fonti baadaye

Nina kiduka cha stesheneri hapa Tabora, sio mbali na stesheni ya reli, na kazi inayoniletea watu wengi siku hizi sio fotokopi, ni imeili. Mtu ana barua yake kwenye PDF au kwenye Word, anataka maneno yale yale yakae ndani ya imeili yenyewe, anakopi, anapesti, anaona mbona kwenye skrini iko sawa tu, anatuma. Kule inakofika inafunguliwa kwenye simu na ni vurugu: mstari mrefu, mstari mfupi wa maneno mawili, mrefu tena, mfupi tena, katikati ya maneno kuna mapengo, na herufi za juu ni tofauti na za chini.

Wengi wakishaona hivyo wanakimbilia kubadilisha fonti. Fonti ndio kitu rahisi kuliko vyote hapo, na ukiirekebisha vurugu yote iliyobaki iko pale pale, maana hayo ni matatizo mawili tofauti. Fonti, saizi na rangi ni nguo tu ambayo maandishi yamevaa. Mistari kukatika na spesi kuzidi ni herufi halisi zilizomo ndani ya maandishi, enta ni herufi kama a au b hata kama haionekani, kwa hiyo ukivua nguo, hizo enta na spesi zinabaki.

Nieleze inatokea wapi. PDF imetengenezwa kwa ajili ya kuonyesha ukurasa ulivyo kwenye karatasi. Mara nyingi haijui kabisa kwamba hii ni aya, inachojua ni kwamba kipande hiki cha maneno kikae hapa na kile kikae chini yake. Ukikopi, kila mwisho wa mstari wa ile karatasi unageuka enta. Sasa mstari wa karatasi ya A4 una herufi kama 80 hivi na simu iliyosimama wima inaonyesha zaidi kidogo ya nusu yake, kwa hiyo simu inajaza mstari wa kwanza, yanayobaki yanaangukia wa pili, halafu kabla mstari wa pili haujajaa inakutana na enta yako, inashuka chini. Ndio ule mrefu-mfupi-mrefu-mfupi. Ukiuona huo mpangilio usijiulize mara mbili, ni enta zilizobebwa toka kwenye PDF. Na zile spesi mbili mbili nyingi zinatokana na maandishi yaliyonyooshwa kushoto na kulia, pale PDF iliposukuma maneno yaachane ili mstari ujae, kompyuta wakati wa kukopi inahesabu lile pengo kama spesi mbili.

Juzi kati alikuja mama mmoja wa kikundi cha wafuga nyuki wa Sikonge. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, akaniambia kuna mnunuzi wa Dar ameomba maelezo ya asali yao na amesema waziwazi asitumiwe faili, aandikiwe ndani ya imeili, kwa sababu anasoma kwenye simu akiwa njiani. Kikundi kina PDF yao nzuri tu waliyotengenezewa zamani. Kijana wake alikuwa ameshapesti kwenye Gmail ya simu, ikatoka hivi:

```
Kikundi chetu kinavuna asali kwenye misitu ya
miombo  wilayani  Sikonge  na  kuichuja  bila kui-
pasha moto. Tunauza kwa ndoo ya lita
20 na kwa chupa. Mzigo unafika Tabora mjini
```

Angalieni vizuri hapo. "Kui-" iko mstari mmoja na "pasha" mstari mwingine, kistari kimebaki. Halafu "ndoo ya lita" imeishia pale na "20" imeanza mstari wake. Kwenye simu ile 20 ilikuwa imekaa peke yake mwanzoni kama namba ya orodha, mnunuzi anayesoma haraka anaweza asielewe kama ni lita 20 au ni ndoo 20. Hapa ndipo mimi nasema hili jambo sio la urembo, kipimo cha mzigo kinaweza kusomeka vibaya na mtu akaagiza vingine.

Tulifanya hivi, na ndivyo ninavyofanya kwa kila mtu. Kwanza hatukupesti kwenye Gmail moja kwa moja, tulipesti kwenye Word, na pale Word inapouliza upesti vipi tukachagua `Keep Text Only`, hapo fonti na rangi vyote vinaachwa nyuma. Kisha tukabonyeza `Ctrl+Shift+8` ili vinavyofichwa vionekane. Spesi ya kawaida inaonekana kama nukta ndogo katikati, enta inaonekana kama ¶, na kuna spesi fulani ngumu inaonekana kama kiduara kidogo. Mama aliona ¶ kwenye mwisho wa kila mstari akasema kumbe ndio hizi. Ndio hizo.

Hatua inayofuata watu wengi wanairuka halafu wanalia barua yote imekuwa aya moja. PDF mara nyingi haiweki alama yoyote ya kuonyesha aya imeisha, ina enta moja tu kama mistari mingine. Kwa hiyo fungua PDF pembeni, soma kwa macho, na kila aya inapoisha kweli weka enta ya pili kwa mkono. Fanya hivyo hivyo kwa mistari inayotakiwa kubaki peke yake: anwani, tarehe, orodha ya bidhaa, jina na namba ya simu kule mwisho. Barua ya ukurasa mmoja hiyo ni kazi ya dakika chache.

Baada ya hapo fungua `Ctrl+H`. Kwenye `Find what` andika cha kushoto, kwenye `Replace with` andika cha kulia, bonyeza `Replace All`, mstari mmoja mmoja kwa mpangilio huu huu:

```
^p^p    ->  ####
^p      ->  (spesi moja)
####    ->  ^p^p
^s      ->  (spesi moja)
```

Hiyo mishale na mabano usiandike, ni ya kukuonyesha tu. Maana yake ni kwamba enta mbili mbili, yaani mwisho wa aya halisi, unazificha kwanza kwa alama ambayo haipo kwenye barua yako, halafu enta moja moja zote zilizobaki, ambazo ndio takataka, unazigeuza spesi, kisha unarudisha aya zako. Ukianza na `^p` kabla ya kuficha aya ndio basi tena, bonyeza `Ctrl+Z` uanze upya. Ile `^s` ni ile spesi ngumu yenye kiduara. Inashika maneno mawili yasiachane, sasa zikiwa nyingi maneno yanatembea kwa kundi na simu inashusha kundi zima chini, mstari wa juu unabaki na pengo kubwa kulia. Hizo zinakuja zaidi ukikopi kutoka kwenye tovuti.

Mwisho kabisa ndio spesi mbili: kwenye `Find what` unabonyeza spesi mara mbili, kwenye `Replace with` mara moja, `Replace All`, na unarudia mpaka Word iseme imebadilisha 0. Lazima kurudia kwa sababu spesi nne ukizipitisha mara moja zinabaki mbili.

Vile vistari vya kukata neno sivibadilishi kwa mkupuo. Ukishaunganisha mistari vinaonekana kama "kui- pasha", kistari na spesi, natafuta hicho kimoja kimoja kwa `Find Next` na kuamua kwa macho, maana wakati mwingine kistari ni cha kweli, mfano kwenye namba ya simu au tarehe iliyokatwa katikati.

Sasa ndio unakopi toka Word kwenda Gmail, na hapa usitumie `Ctrl+V`, tumia `Ctrl+Shift+V`. Ukikopi kutoka Word kompyuta inabeba maandishi matupu na pia maandishi yenye mavazi yake, na `Ctrl+V` inachukua yenye mavazi. Kwa hiyo salamu uliyoiandika ndani ya Gmail ina fonti ya Gmail, maelezo uliyopesti yana Calibri au Aptos ya Word, na anayesoma anaona kabisa barua imeungwaungwa viraka. Simu yake kama haina hiyo Calibri inaweka fonti nyingine, kwa hiyo wewe huwezi kujua ataona nini. Kama umeshapesti vibaya, chagua maandishi yote na ubonyeze `Ctrl+\`, ile amri ya `Remove formatting`, fonti itarudi kuwa moja. Jua tu kwamba bold na rangi navyo vinaondoka, ukihitaji neno limekolezwa likoleze upya ndani ya Gmail.

Bei za mama tulizishughulikia tofauti. Kwenye PDF zilikuwa zimepangwa safu kwa kubonyeza spesi nyingi, bidhaa kushoto bei kulia. Usijaribu kuokoa hiyo. Spesi hazina upana mmoja kwenye kila fonti, kwa hiyo safu iliyonyooka kwako itapinda kwa mwingine hata ufanyeje. Tuliandika kila bidhaa mstari wake: jina, ujazo, nukta mbili, bei, basi. Kwenye simu inasomeka bila shida.

Na kuna kitu kimoja kwenye Gmail kinaitwa `Plain text mode`, kiko kwenye vile vidoti vitatu chini ya imeili unayoandika. Jina lake linakufanya udhani ndio dawa. Fonti kweli inaondoa, lakini wakati wa kutuma inakata mistari yenyewe kwenye herufi kama 78, na kwa mpokeaji wa simu unarudi kule kule kwenye mrefu-mfupi. Mimi naiacha imezimwa.

Kabla ya kutuma kwa mnunuzi tulijitumia wenyewe kwenye simu ya mama, tukasoma ikiwa wima halafu tukailaza. Maandishi mazuri yanajipanga upya kulingana na upana, yenye enta ndani yanabaki yamekatika sehemu zile zile. Kama huna simu karibu punguza upana wa dirisha la brauza, utaona kitu hicho hicho.

Kwa mwenye simu tu ya Android, ukishika kidole mahali pa kuandika chagua `Paste as plain text` badala ya `Paste`, fonti hapo imeisha. Enta utazitoa kwa mkono: weka kidole mwanzo wa mstari uliokatika, futa mara moja, weka spesi. Barua ya mistari kumi inavumilika. Ikiwa ni kurasa mbili tatu, tafuta kompyuta.