Nimesahau namba ya siri ya benki kwa simu

"Nimejiunga wiki iliyopita tawini Chake Chake, na namba ya siri nishaisahau. Kuna mtu kanipigia, anasema ni wa benki na atanirejeshea. Nimpe anachotaka?"

Ndugu yangu, usimpe, kwa sababu namba iliyosahaulika hairejeshwi na mtu yeyote: mfanyakazi wa benki haioni, na kinachofanyika ni kuifuta na kuweka nyengine.

Usiendelee kubahatisha, kwani baada ya makosa machache, aghalabu matatu, huduma hujifunga. Ikiwa programu ya benki yako ina sehemu ya kubadilisha namba ya siri, itakutaka uthibitishe taarifa zako, kisha itatuma ujumbe wenye tarakimu za muda kwenye laini uliyoiandikisha siku ile tawini. Tarakimu hizo ndizo anazozitafuta huyo mpigaji, maana anayezipata anaweza kujiwekea namba yake. Shangazi yangu wa Wete aliletewa ujumbe huo akiwa jikoni, hali ya kuwa hakuomba chochote, na dakika ile ile simu ikalia: "Mama, nisomee hizo namba." Alikata, akapiga namba iliyo nyuma ya kadi yake.

Nawe fanya vivyo hivyo, au urudi tawini na kitambulisho pamoja na simu yenye laini ile ile. Ukipewa namba ya muda, ibadilishe mwenyewe kabla hujatoka, na usiweke mwaka wako wa kuzaliwa.