Siku Tatu za Mwajiri, Zinazobaki Je?

Swali la wiki: "Mtu akiitwa kuutumikia umma, kwa mfano kukaa mahakamani kwenye juri, yaani jopo la raia wa kawaida wanaoamua kesi, ujira wake wa siku hizo alipe nani: mwajiri, serikali, au avumilie mwenyewe?"

Hapa Massachusetts, Marekani, ninakoishi, jibu hutegemea ni mahakama ipi iliyoleta barua ya wito. Ikiwa ni mahakama ya jimbo, sheria inamtaka mwajiri alipe ujira wa kawaida kwa siku tatu za kwanza, na kuanzia siku ya nne jimbo hulipa dola 50 kwa siku. Ikiwa ni mahakama ya shirikisho, mahakama yenyewe hulipa dola 50 tangu siku ya kwanza, na mwajiri wa kampuni binafsi, ingawa haruhusiwi kukufukuza kwa sababu ya wito huo, halazimishwi na sheria ya shirikisho kuongeza hata senti.

Tuchukue msaidizi wa wauguzi anayelipwa dola 20 kwa saa, kwa zamu tano za saa nane, ambaye kwa wiki hupata dola 800 kabla ya kodi. Kesi ikichukua siku tano katika mahakama ya jimbo, atapata dola 480 kwa mwajiri na dola 100 kwa jimbo, hivyo atapungukiwa dola 220. Kesi kama hiyo ikisikilizwa katika mahakama ya shirikisho, atarudi nyumbani na dola 250 tu.

Kinachowapotosha wengi ni dhana kwamba siku tatu za mwajiri ni haki ya walioajiriwa kwa muda wote peke yao. Nilipoitwa na mahakama ya jimbo, msimamizi wangu aliniambia hivyo hivyo, nami nusura nikubali. Kumbe sheria inawahesabu pia wafanyakazi wa muda na hata vibarua, alimradi saa zao zinaweza kujulikana kwa ratiba au kwa mazoea ya miezi mitatu kabla ya utumishi huo. Nilimpelekea ratiba zangu za miezi hiyo pamoja na cheti cha mahakama kinachoonyesha siku nilizohudhuria, na malipo yakaja mwezi huo huo.

Aliyejiajiri, kama dereva wa teksi mwenye gari lake, hana wa kumpelekea cheti, kwa kuwa siku tatu za kwanza sheria inamtaka ajilipe mwenyewe.

Kwa maoni yangu, mzigo wa mwajiri si mkubwa, kwani asiyechaguliwa kusikiliza kesi huruhusiwa kuondoka siku ile ile na wito wake umekwisha. Lawama naielekeza kwa jimbo: wakati kima cha chini cha ujira katika jimbo hili ni dola 15 kwa saa, dola 50 hazifikii hata ujira wa saa nne, ilhali mjumbe wa juri hushinda mahakamani siku nzima.