Ripoti ya hatari ya kikundi cha familia: majibu kwa wasomaji wa Kigoma

Mwalimu, shikamoo. Jumla yetu imetoka milioni 40 mwisho wa Juni hadi milioni 40.48 mwisho wa Agosti, lakini mdogo wangu anasisitiza kwamba tumepata hasara. Nani yuko sahihi? (Mhazini wa familia, Ujiji)

Marahaba. Mdogo wako yuko sahihi. Katika barua yako umeeleza kwamba mwanzoni mwa Julai mlichanga milioni 2, na mwanzoni mwa Agosti milioni 1.9. Hela hiyo imetoka mifukoni mwenu, si faida. Ukiitoa, mmepoteza shilingi 3,420,000, na michango ndiyo iliyoziba shimo lisionekane.

Dawa ni kugawa mali yote katika vipande vilivyo sawa na kupima kwa thamani ya kipande kimoja, kama wanavyofanya UTT kwenye mifuko yao ya uwekezaji. Tuseme Juni mlikuwa na vipande 400,000, kila kimoja shilingi 100. Mchango wa Julai ulinunua vipande 20,000 kwa bei hiyo, mkawa na 420,000. Julai ikaisha mali ikiwa na thamani ya milioni 39.9, hivyo kipande kikawa shilingi 95. Mchango wa Agosti ukanunua vipande 20,000 vingine kwa shilingi 95. Sasa gawanya milioni 40.48 kwa vipande 440,000, utapata shilingi 92.

Katika sehemu ya kushuka kutoka kilele, basi, andika hivi: kilele shilingi 100, Juni, sasa shilingi 92, tumeshuka asilimia 8. Kilele hakibadiliki mpaka kipande kipite 100. Ongeza pia kwamba ili kurudi pale kipande kinatakiwa kupanda karibu asilimia 8.7, kwa kuwa kinaanzia chini. Ndugu wengi hudhani ni 8 ileile.

Angalia sana mpangilio wa hesabu: thamini mali kwanza, pata bei ya kipande, ndipo upokee mchango. Ukiuchanganya mchango kabla ya kugawanya bila kuutolea vipande, kipande kitapanda kwa hela ya wanachama wenyewe.

Ukomo wetu kwa biashara ya dagaa ni asilimia 30 ya mali. Ripoti inaonyesha tumetumia nusu tu. Mbona kaka yetu mkubwa ana wasiwasi? (Kibirizi)

Ana haki ya kuwa nao. Ripoti uliyonitumia imehesabu dagaa walioko stoo tu, milioni 6. Kwa mali ya milioni 40.5 hiyo ni kama asilimia 15, ndiyo nusu ya ukomo. Ila ukurasa wa pili kuna mkopo wa milioni 3 mliompa binamu anunue nyavu, na kwenye kumbukumbu za kikao kuna dhamana mliyomwekea shemeji benki kwa mashine ya boti, deni lililobaki likiwa milioni 4. Wote wawili watalipa kwa dagaa. Jumla ni milioni 13, yaani asilimia 32. Matumizi ya ukomo ni asilimia 107. Mmeshavuka.

Dhamana haiongezwi kwenye thamani ya mali, kwa sababu si mali yenu, lakini lazima iingie kwenye sehemu ya fedha zilizo hatarini, kwa deni lililobaki. Panga sehemu hiyo kwa kufuata kinachoweza kuziangusha pamoja. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mwenye stoo, mwenye nyavu na mwenye mashine wote walitegemea ziwa lilelile.

Hisa zetu zimevuka ukomo wa asilimia 35 bila sisi kununua hata moja. Tuuze? (Mwanga)

Si lazima. Bei ikipanda, au mali nyingine ikishuka, asilimia hupanda yenyewe. Ripoti itenganishe kuvuka kwa bei na kuvuka kwa kununua, maana la pili ni kosa la uamuzi na linahitaji maelezo ya aliyeidhinisha. Lenu ni la kwanza. Mna hisa za milioni 15.2 katika mali ya milioni 40, asilimia 38. Msinunue hisa nyingine. Mchango wa milioni 2 kwa mwezi uende kwingine. Bei zikitulia, baada ya miezi miwili mtakuwa karibu asilimia 34.5. Andikeni tarehe ya kuvuka, sababu, na tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo ikipita bado mko juu, hapo muuze.

Shamba letu la michikichi halina bei ya kila mwezi. Tufanyeje? (Kasulu)

Liacheni kwa thamani ya mwisho iliyofanyiwa tathmini, na tarehe yake iandikwe pembeni. Hatari ni kwamba shamba lisilobadilika bei hufanya kipande kionekane kimetulia wakati hisa zinaporomoka. Toeni namba mbili za kushuka, moja pamoja na shamba na nyingine bila shamba. Na mwanachama akitaka kutoka au kuingia, fanyeni tathmini mpya kwanza, la sivyo mmoja atalipwa kwa jasho la mwenzake.