Bili Isemwe Kabla ya Kuketi

Nilipoanza tena kutoka na mtu baada ya kukaa peke yangu muda mrefu, nililipa bili tatu mfululizo bila kusema neno. Ya kwanza nililipa kwa furaha, ya pili kwa mazoea. Ya tatu ilipowekwa mezani, mwenzangu alikuwa akitazama simu yake, nami nikajikuta napiga hesabu ya fedha zilizonitoka tangu tukutane. Nililipa huku natabasamu, moyoni nimeshanuna. Baadaye nilianza kuchelewa kujibu jumbe zake, na tukaishia hapo. Hakuwa na kosa. Sikuwahi kumwambia kwamba nami ningependa kualikwa.

Siku hizi suala la fedha nalimaliza kwenye mwaliko wenyewe. Anayealika ndiye anayelipa, kwa hiyo achague mahali anapopamudu. Huwa naandika: "Jumamosi jioni nikutoe, gharama juu yangu." Mfuko ukiwa mwepesi naandika: "Tuonane, ila kila mtu ajilipie, sawa?" Na wewe ukialikwa bila kuambiwa lolote, beba za kutosha kulipia ulichoagiza. Bili ikifika, uliza mara moja, "Tuchangie?" Akikataa, msivutane mbele ya mhudumu. Shukuru, mwambie ijayo ni zamu yako, kisha uwe wewe wa kupanga hiyo siku. Zamu yako haihitaji kulingana na yake kwa bei. Matembezi na kinywaji kimoja yanatosha kabisa.

Zawadi zina ugumu wake, kwa sababu mara nyingi haziombwi waziwazi. Wiki ya nne ya kufahamiana na dada mmoja, siku yake ya kuzaliwa ikikaribia, alinitumia picha ya simu mpya na maneno mawili: "Naitamani hii." Nilikaa na ule ujumbe jioni nzima. Kunyamaza kungemwachia tumaini, na kuahidi kungeniingiza kwenye deni. Nikamwandikia: "Ni nzuri kweli. Kwa sasa zawadi ya kiasi hicho siiwezi, na ndiyo kwanza tunafahamiana. Ila siku yako sitaisahau." Alikaa kimya saa kadhaa, kisha akajibu kwamba alikuwa akinionyesha tu. Huenda ni kweli, huenda sivyo; sikumchimba.

Mara yetu ya pili kuonana alifika ameloa chapachapa, akilalamika kwamba mwavuli wake umevunjika. Basi siku yake ya kuzaliwa nikamnunulia mwavuli. Bei yake haikufika hata ya mtoko mmoja.

Angekasirika na kuniambia mapenzi ni vitendo, ningejua mapema anachotarajia kwangu, nami ningeaga kwa heshima. Na ikitokea wewe ndiye uliyeletewa zawadi nzito kupita kiasi, irudishe siku hiyohiyo, kabla hujaitumia: "Nimeguswa sana, ila hii ni kubwa mno kwa tulipofika." Ukikaa nayo wiki nzima ndipo uirudishe, ataona umemkataa yeye.

Dada yule mwavuli anao hadi leo, na mtoko uliofuata alilipa yeye.