Msambao wa jumla si jumla ya misambao

Swali: Niliandika "jumla ya misambao" ya vigeu viwili sare, mwalimu akasahihisha "msambao wa jumla" na kunikata alama. Si maneno yale yale?

Jibu: Alama zimekatwa kwa haki. Neno linalotangulia ndilo linalozungumziwa, na ukiyapindua umehamia jambo jingine. Jumla, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, hapa ni ya namba zinazotolewa na vigeu, wala si ya michoro yao.

Kosa hili linanikera kuliko mengi, kwa sababu mtu akishalisema hulikokotoa. Chukua X na Y, sare kati ya 0 na 1: densiti ya kila kimoja ni 1 humo, na 0 nje. Ukijumlisha misambao kama ulivyoandika, unapata mstari wenye kimo cha 2 kati ya 0 na 1. Eneo chini yake ni 2, nalo eneo chini ya densiti yoyote ni lazima liwe 1. Isitoshe, 1.6 haimo kabisa katika mchoro huo, ilhali X ikitoa 0.9 na Y ikatoa 0.7, jumla ni hiyo 1.6.

Vigeu vikiwa huru, msambao wa jumla Z = X + Y hupatikana kwa konvolusheni:

f_Z(z) = ∫ f_X(x) f_Y(z − x) dx

Tubaki na 1.6 hiyo hiyo. Ili jumla ifike hapo, X ikitoa x, Y haina budi kutoa 1.6 − x, na hiyo nayo isizidi 1. Kwa hiyo x haiwezi kushuka chini ya 0.6, wala kupita 1. Kati ya mipaka hiyo densiti zote mbili ni 1, kwa hiyo jibu ni urefu wa kipande chenyewe: 0.4. Kwa ujumla, z ikiwa kati ya 0 na 1, x hutembea kutoka 0 hadi z, na densiti ni z. Ikiwa kati ya 1 na 2, x hutembea kutoka z − 1 hadi 1, na densiti ni 2 − z. Mstari unapanda hadi kimo cha 1 pale z = 1, kisha unashuka: pembetatu yenye kitako cha 2, eneo 1. Anayeacha mipaka ya x iwe 0 na 1 kwa kila z hupata mstari bapa, na eneo la 2 linamuumbua tena.

"Konvolusheni ya misambao" naikubali bila ubishi, kwani hapo densiti ndizo zinazochanganywa kweli. Nisichokubali ni kuliacha neno "huru". Andika "vigeu viwili sare vilivyo huru". Y ikiwa ni X yenyewe, jumla ni 2X, nayo ni sare kati ya 0 na 2, kimo 0.5. Y ikiwa 1 − X, jumla ni 1 daima. Katika hali zote mbili kila kigeu ni sare, na pembetatu haipo.