Mlango Ulifunguliwa kwa Ndani

"Mama, huku kazini kila anayemkera mwenzake anaitwa fashisti. Wewe uliyefundisha historia, hebu niambie kwa kifupi ufashisti ni nini, na huyu kiongozi tunayebishania kila siku ni fashisti au ni dikteta wa kawaida tu?"

Tandika, Dar es Salaam

Mwanangu Salum,

Kwa kifupi siwezi, na hilo unalijua. Marehemu baba yako alikuwa akisema nikiulizwa saa ngapi naanza na aliyetengeneza saa. Basi vumilia. Nitaanza na vibarua wa mashambani huko Italia, bonde la mto Po, maana watu wengi wakitaja ufashisti wanaanza na Mussolini kwenye roshani akinyoosha kidevu, na kwa kuanzia hapo hawaoni kitu.

Mussolini alianzisha kundi lake Milano, Machi 1919. Alikuwa msoshalisti, mhariri wa gazeti la chama, akafukuzwa 1914 kwa kushabikia vita. Ilani yake ya kwanza ilikuwa mchanganyiko wa ajabu: utaifa mkali, na hapo hapo kura kwa wanawake, saa nane za kazi, kodi nzito kwa matajiri. Novemba mwaka huo huo akagombea. Milano nzima kura zake hazikufika 5,000, na hakupata kiti hata kimoja. Mambo yangeishia hapo, angebaki mpiga domo mmoja tu asiyekumbukwa na mtu.

Kilichomwokoa ni mashamba. Kule Bologna na Ferrara vibarua walikuwa wamejiunga kwenye vyama vyao vya wafanyakazi, vikawa na nguvu kweli. Mwenye shamba hakuweza kuajiri mtu ila kupitia ofisi ya chama, na hata majira ya baridi, kazi ikiwa haba, alilazimika kuchukua vibarua kwa idadi kulingana na ukubwa wa shamba lake. Wenye mashamba waliona wamegeuzwa wageni kwenye ardhi yao, na serikali ya Roma haikuwasaidia. Ndipo wakawakumbuka wale vijana wa Mussolini wa mashati meusi, wengi wao askari waliotoka vitani bila kazi, waliokuwa wakiimba kwamba taifa lilishinda vita likaporwa ushindi wake.

Tangu mwisho wa 1920 hadi machipuko ya 1921 kazi ilikuwa hivi. Usiku linakuja lori, mara nyingi la mwenye shamba au la kuazima. Vijana wanashuka na marungu. Wanachoma ofisi ya chama, wanachoma duka la ushirika, wanamtoa katibu kitandani mbele ya mkewe, wanampiga, kisha wanamnywesha mafuta ya nyonyo kwa nguvu mpaka anajichafua mbele ya kijiji. Zingatia hayo mafuta, mwanangu. Walitaka zaidi ya kumuumiza. Walitaka adharauliwe, kesho asiweze kusimama mbele ya watu akaongea. Polisi walitazama pembeni, na wengine walitoa silaha. Kisha vibarua wakaandikishwa, watake wasitake, kwenye chama kipya cha mafashisti, na mishahara ikashuka.

Sasa twende Roma. Waziri mkuu Giolitti, mzee wa miaka 78 aliyejua hila zote za siasa, aliwaingiza mafashisti kwenye orodha yake ya wagombea Mei 1921. Hesabu yake ilikuwa kwamba wakishakalia viti watatulia kama walivyotulia wengine. Walipata viti 35. Hawakutulia. Oktoba 1922 wakatangaza kuandamana kwenda Roma, wengi wakiwa na silaha duni, mvua ikiwanyeshea. Jeshi lingewatawanya. Serikali ilikwisha kuandaa tangazo la hali ya hatari, ikabaki saini ya mfalme tu. Asubuhi ya tarehe 28 mfalme akakataa kutia saini. Mussolini, aliyekuwa amejikalia Milano akisubiri upepo uelekee wapi, akaitwa aunde serikali, akapanda treni ya usiku. Alikuwa na miaka 39. Nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi, na kila mwaka niliandika ubaoni maneno yale yale: mlango ule haukuvunjwa, ulifunguliwa kwa ndani.

Hata Ujerumani. Kura za Hitler zilikuwa zimeshuka kwenye uchaguzi wa Novemba 1932, na Januari 1933 akapewa ukansela na rais mzee na washauri waliodhani wamemwajiri.

Nikifika hapo darasani, kila mwaka nilinyamaza kidogo. Wanafunzi walidhani napumzika. Nilikuwa namkumbuka Mzee Fundi.

Wewe ulikuwa na miaka sita, labda unamkumbuka kwa pampu yake tu. Mwaka ule vibaka walituzidi hapa mtaani. Waliingia kwa kina mama Hadija, wakachukua hata sufuria lenye wali. Wazee wakaitisha kikao, ikaamuliwa vijana walinde usiku, kila nyumba itoe shilingi mia kwa wiki, na mimi mwalimu, mwenye mwandiko mzuri, nikapewa daftari. Vijana wakafunga kitambaa chekundu mkononi. Wiki ya kwanza tulilala usingizi ambao hatukuwahi kulala. Wewe nawe ulichana kipande cha kanga yangu, ukajifunga mkononi, ukazunguka uani na fimbo ya ufagio, na mimi nikacheka nikamwita baba yako aje aone. Baba yako hakucheka.

Mwezi wa tatu walianza kuwapiga waliorudi usiku. Mwezi wa nne, wasiotoa mchango. Mimi ndiye niliyekuwa nachora mstari chini ya majina yao. Mzee Fundi alikuwa na wiki mbili hajatoa, mkewe alikuwa amelazwa. Walimkuta anafunga banda lake la baiskeli. Sikio la kushoto halikusikia tena tangu siku ile. Wazee tukakutana kwa siri kusema sasa vijana wamezidi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kwenda kuwaambia.

Najua utasema, mama, hao walikuwa wahuni wa mtaa, siyo mafashisti. Sawa kabisa! Hawakuwa na taifa la kulifufua, wala adui wa kumsafisha, wala chama. Ningekuwa nasahihisha insha yako ukalinganisha Tandika na Ferrara ningekukata alama. Lakini ninapojaribu kuelewa mwenye shamba aliyetoa lori lake, sina mahali pengine pa kuanzia isipokuwa lile daftari.

Basi kwa nini wasomi wanasumbuka kulinganisha? Nakupa mfano wetu, wa hapa Dar, maana FRELIMO iliundwa hapa hapa mwaka 1962, na nilipokuwa msichana kila mtu alisema "mafashisti wa Kireno". Bibi yako mzaa baba, unajua, alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, upande wa Mueda, akiwakimbia Wareno, akiwa na mtoto mgongoni. Kwake Salazar, dikteta wa Ureno, alikuwa fashisti, basi, mjadala umefungwa. Nami nilifundisha hivyo. Halafu nikaja kusoma kwamba huyo huyo Salazar, profesa wa uchumi, mtu wa kanisa na vitabu vya hesabu, alikuwa na mafashisti kwake nyumbani, mashati ya bluu, kiongozi wao akiitwa Rolão Preto. Mwaka 1934 Salazar aliwapiga marufuku, na Preto akapelekwa uhamishoni. Aliwalaumu kwa kutukuza ujana na mabavu.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Dikteta anawafunga mafashisti! Ndipo nikaelewa wanachotenganisha kina Juan Linz, aliyeichunguza Hispania ya Franco. Dikteta wa kawaida anataka ukae kimya: lima, sali, lipa kodi, siasa mwachie yeye. Anaacha kanisa, jeshi na matajiri wawe na nafasi yao, mradi wasimguse. Fashisti hataki ukae kimya. Anakutaka barabarani, umevaa shati, unaimba, unalia kwa furaha, unamchukia jirani uliyeelekezwa umchukie. Anasema taifa limedhalilishwa na litazaliwa upya kwa damu, na kwake hiyo damu ni dawa. Mwanahistoria Robert Paxton anaongeza jambo ninalolipenda kuliko yote: usisome hotuba zao peke yake, tazama wanafanya nini hatua kwa hatua, na nani yuko nao. Harakati za aina hiyo zimezaliwa karibu kila mahali, nyingi zikafa changa. Zinazofika madarakani ni zile zilizopata wakubwa wa kuzishika mkono. Mlango, mwanangu. Kwa ndani.

Ila mipaka yenyewe huvuja. Salazar yule yule, mwaka 1936, aliunda jeshi la mgambo na umoja wa vijana wenye sare na saluti ya kunyoosha mkono. Aliazima nguo za watu aliowafukuza. Kwa hiyo wasomi wanagombana hadi leo kuhusu Ureno, na sioni aibu kusema nami nagombana na nafsi yangu. Siku moja nilijaribu kumweleza bibi yako tofauti hiyo, kwamba Salazar huenda hakuwa fashisti hasa. Alikuwa anachambua mchicha. Akaniuliza, "Na aliyenikimbiza mimi alikuwa nani hasa?" Sikuwa na jibu, na sijalipata. Tofauti ile inamsaidia mtu anayetaka kujua kitu kitakwenda wapi kesho. Haimpunguzii kitu aliyekwisha kupigwa jana.

Sasa huyo kiongozi wenu. Nilikwisha kuandika neno moja hapa, nikalifuta, mkono unaniwasha. Sitalisema, kwa sababu nilimkatia alama kila mwanafunzi aliyehukumu kabla ya kutazama. Tazama wewe. Ana vijana wanaopiga watu nje ya sheria, na wanajivunia kupiga? Anawaambia wafuasi wake wakae nyumbani au watoke? Wenye fedha na wazee wa vyama vya zamani wanasemaje wakiwa peke yao, kwamba ni mtu wa kutumia kwa muda? Ukipata hilo la mwisho, nipigie, hata usiku.

Mzee Fundi alifariki mwaka ulioingia sekondari. Mpaka mwisho alikuwa akinijazia upepo bure. Kuna siku nilifungua kinywa nimweleze kuhusu daftari, akageuza sikio lake la kulia ili anisikie vizuri, nikamuuliza bei ya tairi.

Daftari liko chini ya sanduku la bibi yako. Ukija Idi utalikuta. Jina lake liko ukurasa wa tisa.

Mama yako